Bibi yuko Laela, mwanawe yuko Mbala: jinsi ya kuwaweka kwenye picha moja

Familia nyingi za Ufipa zina watu upande wa pili wa mpaka. Wapo waliovuka Kasesya kwenda Mbala, ambayo zamani iliitwa Abercorn, wakaendelea mpaka miji ya migodi ya Zambia na hawakurudi tena isipokuwa kwa misiba. Wapo wenye ndugu Moba na Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Jirani zetu wa Katumba na Mishamo, tuliokuwa nao mkoa mmoja wa Rukwa kabla Katavi haijawa mkoa, wana ndugu Burundi tangu walipokimbia mwaka 1972. Na siku hizi wapo mabinti walio kazini Omani.

Kwa familia kama hizi huja siku ambapo mtu anasema: bibi amezeeka, hawezi tena kupanda gari, na hatuna hata picha moja ambayo yuko na wanawe wote. Ndipo mtu hukumbuka kwamba picha mbili zinaweza kuunganishwa zikawa moja.

Inawezekana, na kwa simu ya kawaida. Ila picha nyingi za namna hii tulizoziona zimetundikwa ukutani zinajitangaza zenyewe. Baba mdogo anaonekana mrefu kuliko mlango. Uso wa dada una mwanga wa jua la mchana, na bibi aliye pembeni yake yuko kivulini. Mtu wa mwisho anaelea kama hakukanyaga chini. Wengi hudhani kosa ni la fundi aliyeunganisha. Mara nyingi kosa lilitokea mapema zaidi, pale watu wa pande mbili walipopiga picha zao bila kuambizana, kisha wakamwachia fundi azilazimishe zikae pamoja.

Kwa hiyo hapa tutaeleza njia moja tu, ambayo kwetu ndiyo rahisi kuliko zote: pande mbili kupiga picha kwa makubaliano, kila upande ukiacha sehemu tupu kwa ajili ya mwenzake. Ukifanya hivyo hukati mtu kwa mkasi wa kompyuta wala huhangaiki na nywele. Unachukua upande wa kushoto wa picha moja na upande wa kulia wa picha nyingine, basi.

Familia yetu ya mfano

Tuseme bibi anaishi Laela na wanawe wawili, mkwe mmoja na wajukuu wawili. Jumla watu sita. Mwanawe wa mwisho yuko Mbala na mkewe na mtoto wao. Watu watatu. Mjukuu mkubwa wa Laela ndiye mwenye simu nzuri, na ndiye anayeanza mazungumzo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Bibi yako hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu. Anataka picha ya watu wote. Hapo kwenu mna ukuta uliopigwa plasta, usio na maandishi?"

Swali hilo la ukuta ndilo la kwanza kuulizwa, kwa sababu ukuta ndio utakaoficha mahali picha zilipokutana. Ukuta wa matofali ya kuchoma, ambao tunao wengi, haufai. Mistari ya matofali ya Laela haiwezi kukutana na mistari ya matofali ya Mbala, na jicho la mtazamaji litakwenda moja kwa moja kwenye mstari uliovunjika. Unafaa ukuta wa plasta wa rangi moja. Kama hakuna, tundikeni mashuka mawili ya rangi moja, yavuteni yasiwe na mikunjo, na pande zote mbili zitumie rangi inayokaribiana. Bluu iliyopauka au kijivu ni nzuri. Nyeupe kabisa tunaiepuka kwa sababu mbili: mwenye shati jeupe anapotelea ndani yake, na simu ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, nyuso zetu zinatoka nyeusi bila macho kuonekana.

La pili ni nani akae wapi. Hili si la fundi, ni la familia, na limewahi kuharibu picha nzuri kuliko kosa lolote la simu. Kila ukoo una mpangilio wake. Ukimweka kitinda mimba karibu na mama na mtoto wa kwanza ukamsukuma pembeni, kuna mtu ataitazama picha hiyo kila siku kwa moyo mzito. Njia hii ina sharti lake pia: watu wa ng'ambo lazima wawe upande mmoja, mwisho wa mstari. Hawawezi kuingizwa katikati, wala mwana hawezi kuweka mkono kwenye bega la mama yake. Mwelezeni bibi hilo kabla, maana huenda ndicho alichokuwa akikitaka. Akisema anataka mwanawe awe karibu naye, bibi mwenyewe akae mwisho wa kundi la Laela, upande ule utakaopakana na Mbala, si katikati kama ilivyozoeleka. Hivyo ndivyo familia yetu ya mfano ilivyoamua.

Saa na kivuli

Watu wa pande mbili wakikubaliana "tupige saa nne asubuhi", tayari wamekosana. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Lakini Laela na Mbala zimekaribiana, kwa hiyo jua linakuwa karibu mahali pamoja angani kwa wakati mmoja. Saa nne asubuhi ya Laela ndiyo saa tatu asubuhi ya Mbala. Wakifuata namba ya saa badala ya jua, picha ya Mbala itakuwa imepigwa jua likiwa limesogea kwa saa nzima, na mwanga utakuwa umehama. Hesabu hiyo hiyo ni ya Moba, Kalemie na Burundi, ambako nako saa iko moja nyuma ya yetu.

Kwa ndugu aliye Omani usihangaike kulinganisha jua. Kule saa iko moja mbele yetu, lakini nchi yenyewe iko mbali kaskazini, na jua lao haliendi njia moja na letu. Kwake tegemeeni kivuli tu.

Na kwa kweli kivuli kinawafaa wote. Jua kali la uwanda wa juu kama wetu linachora kivuli kizito chini ya pua na kofia, na vivuli hivyo havifichiki. Simameni kwenye kivuli cha nyumba, mahali pa wazi panapoona anga, si ndani ya chumba wala chini ya mti. Chini ya mti mwanga hupenya kwa madoadoa, na majani hupaka nyuso ukijani. Mwezi Juni na Julai, jua la mchana kwetu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini wa nyumba huwa na kivuli kizuri. Ni hivyo hivyo Mbala. Familia yetu ikapatana: ukuta wa kusini, saa nne ya Laela, saa tatu ya Mbala. Wakati wa mvua, siku ya mawingu mepesi yaliyotanda inafaa kuliko kivuli chochote, mradi pande zote mbili ziwe na mawingu.

Jambo la kukagua ni shavu. Tazama picha ya kwanza: ni shavu lipi lenye mwanga zaidi, la kushoto au la kulia la picha? Picha ya pili lazima ifanane nayo. Kuna watu hujaribu kuponya kosa hili kwa kuigeuza picha kama kwenye kioo, kushoto kuwe kulia. Inakubali, mpaka utakapoona jina la kanga linasomeka kinyumenyume, vifungo vya koti vimehamia upande wa pili, na bwana mkubwa amevaa saa mkono asiouvalia. Watu wa nyumbani huona haraka kwamba uso umegeuzwa, hata wasipoweza kusema kimekosewa nini.

Kupiga picha ya Laela

Aanze upande wenye mtu asiye na nguvu. Bibi akichoka hatarudishwa kukaa tena, lakini baba mdogo anaweza kurudia mara kumi. Ndiyo maana Laela wanatangulia na Mbala wanafuata walichokiona.

Fungua kamera, ilaze simu, kisha ingia kwenye mipangilio ya kamera uwashe mistari ya kuongozea. Kwenye simu nyingi imeandikwa Grid au Grid lines. Mistari hiyo hugawa kioo katika safu tatu za kusimama. Watu sita wa Laela watakaa kwenye safu mbili za kushoto. Safu ya kulia yote inabaki tupu, ukuta mtupu.

Simu isishikwe mkononi. Iweke juu ya kitu kisichotikisika, kama meza iliyopandishiwa matofali, kwa kimo cha mita 1 na sentimita 10 kutoka chini, ambacho ni karibu na kifua cha mtu mzima. Umbali kutoka simu hadi kwa watu uwe mita 2 na nusu. Usivute picha kwa vidole kuikuza, na usitumie ile kamera pana iliyoandikwa 0.5, kwa sababu inanyoosha watu wa pembeni. Vipimo hivi vitatu, yaani kimo, umbali na kamera ya kawaida iliyoandikwa 1x, viandike kwenye karatasi. Ndivyo Mbala watakavyotumia.

Kwa nini kimo kina uzito hivyo? Simu ikiwa juu, inatazama watu kwa juu: vichwa vinakuwa vikubwa na miguu mifupi. Ikiwa chini, inaonyesha mashimo ya pua na watu wanakuwa kama minara. Kila picha peke yake inaweza kupendeza, lakini ukiziweka pamoja, kundi moja litaonekana limesimama kwenye mteremko. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo.

Waketishe wanaokaa, wasimame wengine nyuma yao. Bibi yuko kwenye kiti cha mwisho upande wa kulia wa kundi. Kati ya bega lake na ile safu tupu acha nafasi ya kiganja kimoja, pasiwe na kiwiko wala pindo la kitenge linalovuka. Hapo ndipo picha mbili zitakapokutana.

Sasa chukua ufito ulionyooka wenye urefu wa mita moja kamili. Usimamishe kwenye ile safu tupu ya kulia, katikati yake, sawa na mstari wa viti. Usijali kwamba utaonekana. Safu hiyo itafunikwa na watu wa Mbala, na ufito utatoweka chini yao. Kazi yake tutaiona baadaye.

Kabla ya kubonyeza, gusa uso wa bibi kwenye kioo ili simu ipime mwanga kwa uso na siyo kwa ukuta. Piga picha tano au sita, maana kuna atakayefumba macho. Kisha, bila kugusa simu, mwite jirani asimame kwenye safu tupu, pale atakaposimama baba mdogo, na piga picha moja nyingine. Picha hii ya jirani haitatumika kwenye kazi ya mwisho. Ni ramani. Ndiyo utakayotuma Mbala ili wao waone nafasi yao, ukubwa wao na mwanga unatoka upande gani.

Kutuma bila kuichakaza

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ili iende haraka. Kwenye simu unaona iko sawa, lakini ikifika kwa mchapaji nyuso zinakuwa kama zimepakwa uji. Ramani itume hivyo hivyo, haina shida. Picha ya kazi yenyewe itume kama faili: bonyeza alama ya kubana karatasi, chagua Document, kisha tafuta picha hiyo. Inafika kama ilivyotoka kwenye kamera. Itakula bando zaidi, kwa kawaida megabaiti chache kwa picha moja, kwa hiyo chagueni kwanza picha iliyo bora kwa kutumiana ndogo ndogo, halafu mtume moja kubwa.

Zamu ya Mbala

Baba mdogo anafanya yale yale kwa kinyume. Ukuta wa kusini, kimo kile kile, umbali ule ule, simu imelazwa. Yeye, mkewe na mtoto wanakaa safu ya kulia peke yake: wazazi wamesimama, mtoto kwenye kiti mbele yao. Safu mbili za kushoto ni tupu. Ufito wao wa mita moja wanausimamisha kwenye safu ya katikati, sawa na kiti cha mtoto, mahali ambapo hapatatumika.

Kosa linalotokea sana hapa ni mavazi ya sherehe upande mmoja tu. Laela wamevaa ya kawaida, Mbala wamevaa suti na viatu vya kung'aa, na picha inasema kitu ambacho hakuna aliyekusudia kukisema. Ulizaneni. Kosa la pili ni macho. Laela wote wametazama simu, Mbala wamemtazama mtu anayepiga, aliyesimama kando yake. Kila mmoja atazame tundu la kamera.

Kuziunganisha

Zipo programu nyingi. Tunaeleza Snapseed kwa sababu ni ya bure na haiweki maandishi yake juu ya picha yako. Vitufe vinaweza kuhama mahali kutoka toleo moja hadi jingine, lakini majina tunayoyataja ndiyo ya kutafuta.

Kabla ya kuunganisha, linganisha rangi. Fungua kila picha peke yake. Kama ukuta wa Mbala ni wa manjano zaidi kuliko wa Laela, tumia White Balance mpaka kitu cheupe kilicho kwenye picha zote mbili, kama shati la shule au kitambaa, kionekane cheupe namna moja. Kama moja ina giza, tumia Tune Image kuongeza Brightness. Ibakishe picha yenye bibi kama ilivyo kadiri unavyoweza, na ile nyingine ndiyo uifuatishe. Hifadhi kila moja kama nakala, usifute ya mwanzo.

Sasa fungua picha ya Laela. Ingia Tools, chagua Double Exposure, bonyeza alama ya kuongeza picha, na uchague ya Mbala. Utaona picha mbili zimelaliana kama mizimu, watu wa pande zote wanapitana. Usiogope, hivyo ndivyo inavyotakiwa, na hapa ndipo fito zinapofanya kazi. Vuta picha ya Mbala kwa vidole viwili, uikuze au uipunguze, mpaka ufito wake uwe na urefu sawa na ufito wa Laela, kilele kwa kilele na chini kwa chini. Haihitajiki zigusane, zilingane tu. Fito zikilingana, watu nao wamelingana, na baba mdogo ana kimo chake cha kweli mbele ya mama yake.

Bila ufito watu hukisia kwa vichwa, na vichwa vinadanganya. Mwanamke aliyefunga kilemba na mwanamume aliyenyoa hawalinganishiki hivyo.

Tuseme unaweza kuzipima fito kwenye kioo kwa rula. Ya Laela ina milimita 24, ya Mbala ina milimita 27. Mbala inapaswa kupungua mpaka 24, yaani kuondoa sehemu moja katika kila tisa. Kupunguza hakuharibu kitu. Ikiwa ni lazima ikuzwe sana, kwa mfano kutoka milimita 15 hadi 24, watu wake watatoka na ukungu karibu na wale wa Laela walio wazi, na ni heri baba mdogo arudie picha akiwa karibu zaidi. Mara nyingi sababu ni kwamba alipiga kutoka mbali.

Ukishalinganisha, bonyeza alama ya tone la maji na usogeze kidole mpaka mwisho, picha ya Mbala ifunike kabisa ile ya Laela. Laela itatoweka. Kubali kwa alama ya tiki. Kisha fungua orodha ya hatua ulizofanya, View edits, gusa Double Exposure, na uchague alama ya brashi. Picha ya Mbala itaondoka na Laela itarudi, kwa sababu sasa unasubiriwa useme Mbala ionekane wapi. Chini weka namba 100 na upake kwa kidole safu ya kulia yote, juu mpaka chini. Watu watatu wa Mbala watatokea kadiri unavyopaka, na ufito wa Laela utafunikwa.

Ukifika kwenye ile nafasi ya kiganja kimoja kando ya bega la bibi, punguza namba iwe 50, kisha 25, upake ukanda mwembamba. Hapo ukuta mmoja unayeyukia kwenye mwingine badala ya kukatwa kwa mstari. Brashi haina ukubwa wa kubadilisha: ukitaka iwe nyembamba, kuza picha kwa vidole. Ukipaka mpaka bega la bibi likatoweka, weka namba 0 na upake tena mahali hapo, litarudi.

Mwisho kata picha kwa Crop. Ondoa chini yote kuanzia chini ya magoti. Sababu yake ni sakafu: udongo wa Laela na saruji ya Mbala havitafanana, na kivuli kilicho miguuni mwa mtu ndicho kigumu kuliko vyote kukitengeneza. Ukikata miguu, tatizo limeondoka pamoja nayo. Hifadhi kwa Export.

Kuikagua

Itazame picha ikiwa ndogo kama stempu. Ukiona mara moja kwamba kuna makundi mawili, tatizo ni mwanga au rangi. Kisha ikuze na upite kwenye mpaka wa picha mbili: ukuta una mstari? Kuna mkono uliokatika? Kuna ncha ya ufito imebaki? Halafu mpe mtu asiyejua ulichofanya, umuulize tu ni nani aliyesimama wapi. Akisita kwa mtu mmoja, mtazame huyo.

Pengo kati ya bibi na mwanawe likiwa pana mno, hakuna haja ya kuanza upya wote. Rudi Double Exposure, isogeze picha ya Mbala kushoto kidogo, upake tena.

Aliyefariki na picha ya zamani

Njia hii haimfai mtu asiyeweza kupigwa picha mpya. Babu aliyefariki, ambaye amebaki kwenye picha moja ya kipande kidogo, alipigwa na kamera nyingine, kwa mwanga mwingine, pengine kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kumsimamisha kati ya watu wa leo kunahitaji fundi mwenye kompyuta na saa nyingi, na hata hivyo mara nyingi anaonekana mgeni. Kazi hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Kule Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor alipata jina kwa picha zake za kukata na kuunganisha, miongo mingi kabla ya simu hizi, na hakujificha kwamba zilikuwa zimeunganishwa. Nasi tunaona hiyo ndiyo njia yenye heshima kwa marehemu: awekwe juu kwenye kona, ndani ya duara lake, kila mtu aone kuwa ni kumbukumbu. Waulizeni wenye marehemu kwanza. Wapo wasiotaka aliyekwenda awekwe bega kwa bega na watoto wadogo.

Ukimpelekea fundi picha hiyo ya zamani, mpe yenyewe aiskani. Ukiipiga kwa simu ikiwa ndani ya kioo cha fremu, utampelekea pia mwanga wa dirisha.

Isipelekwe ofisini

Hapa tunawaomba msikie vizuri. Baadhi ya maombi ya kuungana na ndugu nje ya nchi, ya viza, au ya ndoa, huhitaji picha za familia kama ushahidi kwamba watu hao wanajuana na wamewahi kuwa pamoja. Picha iliyounganishwa haionyeshi hivyo. Inaonyesha watu ambao siku hiyo walikuwa nchi mbili. Ikiingizwa kwenye faili kana kwamba ni ya siku moja, afisa akaigundua, atakuwa na haki ya kutilia shaka na vyeti vilivyo halali vilivyoambatanishwa nayo. Undugu wa kweli unaweza kukataliwa kwa sababu ya picha iliyotengenezwa kwa upendo. Kwa maombi kama hayo pelekeni zile picha mbili za mwanzo, kila moja na tarehe na mahali pake, mkieleza wazi.

Kwa sababu hiyo, picha za mwanzo zisifutwe. Zihifadhini kwenye simu mbili, moja kila upande wa mpaka.

Kuchapisha

Peleka faili yenyewe studio kwa kadi ya kumbukumbu au waya. Ikibidi itumwe, itumwe kama Document. Mwombe mchapaji atoe kwanza nakala moja ndogo. Karatasi huonyesha giza zaidi kuliko kioo cha simu, na mpaka ambao hukuuona kwenye simu unaweza kujitokeza. Ikitoka vizuri, chapisheni mbili kubwa, moja ya Laela na moja ya kwenda Mbala na mtu wa kwanza atakayevuka Kasesya.

Nyuma ya kila moja, kwa penseli, andikeni majina kuanzia kushoto, kisha: Imeunganishwa kutoka picha mbili, Laela na Mbala, na tarehe. Kalamu ya wino isitumike, huwa inapenya mpaka usoni.